Nilimwandikia imeli ya mistari mitano, hesabu ya ghala ikaharibika

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mhasibu katika kampuni ya jumla ya vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam. Nina miaka 41. Chini yangu yupo kijana wa miaka 26, nimwite D. Yeye ana shahada, mimi nina stashahada na uzoefu wa miaka 18. Hilo la vyeti nalitaja kwa sababu nahisi linachangia.

Tarehe 30 Juni, siku tunayofunga mwaka wa hesabu, nilipata msiba Tanga. Nikiwa njiani nikamwandikia D. hivi:

"Habari D. Naomba unisaidie kusimamia kuhesabu stoku leo jioni tukishafunga. Faili la Eksel nimeambatisha. Ukikwama muulize mzee wa stoo, yeye ni mzoefu. Nikipata matokeo Ijumaa saa 4 nitashukuru. Asante sana."

Ijumaa saa nne asubuhi hakuna kitu. Matokeo yakaja saa kumi jioni. Nilipomuuliza, akasema alidhani ni saa 4 ya kwenye kompyuta. Lakini hilo ni dogo. Nondo za milimita 12 kwenye mfumo zilikuwa 1,410, wao wakahesabu 1,316. D. akaingia kwenye mfumo akashusha idadi iwe 1,316. Wiki iliyofuata wakaguzi wakahesabu tena: chini zipo zile zile 1,316, mfumo unasema 1,222. Nondo za saizi hiyo hazikuwa zimeuzwa wala kuingia siku hizo. Meneja alinisema mbele ya wakaguzi, na mimi nikamsema D. mbele ya wenzake.

Tangu siku hiyo kijana amenyamaza. Ananijibu "sawa dada" na basi. Sasa tarehe 30 Septemba tunahesabu tena, na meneja anataka D. asimamie. Natamani nifanye mwenyewe. Nikimwandikia maelezo marefu, ataona namfundisha kama mtoto wa shule, na nikiandika kwa upole kama mwanzo, yatarudi yale yale. Nifanyeje?

Mhasibu wa Dar

MAMA MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, binti. Pole kwa msiba.

Niruhusu nianze na nondo, maana kabla sijawa mshauri nilikaa miaka mingi kwenye maghala, na tarakimu zako zimenivuta. Kipande kimoja cha nondo ya milimita 12, chenye urefu wa mita 12, kina uzito wa kilo 10 na ushee. Ukitaka tani moja unahesabu vipande 94. Sasa toa 1,316 kwenye 1,410. Zinabaki 94. Toa tena 1,222 kwenye 1,316. Zinabaki 94 zile zile.

Mwizi haibi tani moja kamili bila kipande kuzidi wala kupungua, na mtu aliyechoka kuhesabu hakosei kwa tani kamili. Namba ya namna hiyo huwa ni karatasi. Kama ningekuwa wewe, ningetafuta diliva noti ya tani moja iliyoandikwa jioni ya tarehe 30 Juni. Nadhani utakuta gari lilipakia na kuondoka kabla ya kuhesabu, lakini karani akaiingiza karatasi kwenye mfumo kesho yake. Usiku ule D. alikuta pengo la 94 akaliziba kwa mkono. Asubuhi karani naye akaingiza diliva noti yake kama kawaida, mfumo ukapunguza 94 kwa mara ya pili. Laiti D. asingegusa kitu, pengo lingejifunga lenyewe karani alipofanya kazi yake.

Nimeanza hapo kwa sababu nataka ujiulize swali ambalo barua yako imelipita. D. angejuaje kwamba hatakiwi kugusa mfumo? Nenosiri analo. Chuoni amefundishwa kwamba vitabu lazima vilingane na mali iliyopo. Ameona tofauti, ameisawazisha, na pengine alilala akiwa na furaha kwamba dada atarudi msibani akute kazi imekwisha. Katika imeli yako hakuna neno hata moja linalosema kazi yake inaishia wapi.

Sikulaumu. Uliandika ukiwa garini na moyo uko kwa marehemu. Lakini litazame lile "naomba unisaidie". Kwetu hiyo ni adabu, na mtu anayeijua kazi anasikia agizo ndani yake. Asiyeijua anasikia ombi, na mwenye kuombwa msaada hujitahidi kuzidisha, amfurahishe aliyemwomba. D. alizidisha. Unasema vyeti vyake vimechangia, na huenda kweli, ila nakuuliza kwa upole: vimechangia kwake, au kwako? Wakati mwingine tunalainisha agizo kwa sababu tunaogopa kuambiwa "huyu wa stashahada ananiamuru". Na mengine tunayaacha bila kuyasema kwa kudhani mwenye shahada lazima anayajua. Ya ghalani hayafundishwi darasani, na hata mimi niliyajua baada ya kuyakosea.

Sasa lile la mzee wa stoo. Ulimwambia D. akikwama amuulize mtu ambaye stoo yake ndiyo inayohesabiwa. Simtuhumu mzee, simjui. Anaweza kuwa mwaminifu kabisa na akaamini kwa dhati kwamba kompyuta ndiyo iliyokosea. Lakini mtunza stoo ambaye tofauti zake zinafutwa usiku ule ule hana sababu ya kusema "ngoja kwanza tutafute diliva noti". Na fikiria kijana wa miaka 26, saa tatu usiku, makuli wamechoka wanataka kwenda nyumbani, mzee wa rika la baba yake anamwambia "rekebisha tu mwanangu, hizo ni kawaida". Kwa adabu tuliyolelewa nayo, atasema "hapana mzee" akiegemea nini? Ungemwandikia mipaka, angekuwa na pa kuegemea: "Mzee, hata mimi ningependa, ila dada ameandika nisiguse." Kwa hiyo unapohofu kwamba maelezo yatamdhalilisha, angalia upande huo pia. Kuna mahali yanamkinga.

Kuna jambo la tatu ambalo hukuliona kuwa kosa, nalo linanisumbua kuliko saa. Lile faili la Eksel, lilikuwa na safu ya idadi ya kwenye mfumo? Kama lilikuwa nayo, basi waliohesabu walikuwa na majibu mkononi. Mtu akiona karatasi inasema ndoo za rangi ziko 212, akihesabu akapata 209, ataamini karatasi na kuandika 212. Chukua karatasi za Juni uzipitie. Ukikuta bidhaa ngumu kuhesabika, kama misumari ya kilo au bati za geji 28 zilizochanganyika na geji 30, zote zinalingana na mfumo bila tofauti hata moja, hapo hawakuhesabu, walinakili. Karatasi ya kuhesabia huwa na jina la bidhaa, kipimo chake na nafasi tupu.

Turudi kwenye swali lako. Unatamani ufanye mwenyewe, na naelewa kwa nini. Ungelala vizuri usiku huo. Ila wewe ndiye unayeandika vitabu, na anayeandika vitabu akihesabu na mali mwenyewe, wakaguzi watauliza nani anamchunguza nani. Tena D. atasoma ujumbe wake hata usipomwambia neno. Unaweza kumwomba meneja amteue mtu mwingine. Ni njia salama kwa hesabu ya Septemba, lakini ya Desemba itakukuta pale pale na mtu mpya asiyejua kitu, na D. akiwa amekwisha kuaminishwa kwamba kosa moja ndilo jina lake. Au umwachie D. na umwandikie upya. Hatari ya njia hii ni kwamba ukiandika kila hatua, atafuata karatasi na kuacha kufikiri, na jambo ambalo hukuliandika, kwa mfano kontena kufika getini saa moja usiku, litamkuta mikono mitupu.

Ukichagua hii ya mwisho, mimi ningemweleza lengo kwa kirefu, mipaka kwa maneno machache yasiyoyumba, na namna ya kuhesabu ningemwachia yeye. Jaribio langu ni hili, lipunguze au liongeze unavyoijua stoo yenu:

"D., habari za kazi.

Jumatano tarehe 30 Septemba nakukabidhi usimamizi wa kuhesabu stoku ya ghala lote. Tunachotafuta ni kujua mali iliyopo chini ni kiasi gani saa ile ghala linapofungwa. Hatutafuti kulinganisha na mfumo, hiyo ni kazi ya baadaye na tutaifanya pamoja. Kwa hiyo tofauti yoyote utakayoikuta si kosa lako, ni habari ninayoihitaji.

Upakiaji unasimama saa 11 jioni. Kabla hujaanza, andika namba ya diliva noti ya mwisho iliyotoka na ya hati ya mwisho ya kupokea mzigo. Kitu kikiingia au kutoka baada ya hapo, kitengwe na kiandikwe pembeni. Nondo zihesabiwe kwa vipande, siyo tani. Wapange watu unavyoona inafaa, mradi kila jozi iwe na mmoja anayehesabu na mmoja anayeandika, na mtunza stoo asiwe mwandishi.

Usibadilishe chochote kwenye mfumo, hata ukiwa na uhakika. Jozi nyingine irudie bidhaa unayoitilia shaka. Zikitofautiana, andika namba zote mbili uendelee. Usimtuhumu mtu yeyote kwa upungufu. Chakula na nauli za makuli visizidi shilingi 80,000, pesa ipo kwa mtunza fedha.

Vitu vilipo ghalani, muulize mzee wa stoo. Diliva noti, muulize karani wa mauzo, atakuwepo mpaka saa 3 usiku. Kitu kinachohitaji uamuzi, nipigie mimi. Nisipopokea ndani ya nusu saa, mpigie meneja. Usipompata hata yeye, liandike kwenye karatasi ya mwisho, liache kama lilivyo, uendelee na kazi.

Karatasi zote zilizosainiwa nizipate Ijumaa tarehe 2 Oktoba, saa 4 asubuhi, yaani 10:00 kwenye kompyuta. Ukiona Alhamisi mchana kwamba hutawahi, niambie siku hiyo hiyo.

Nakala: meneja, mtunza stoo, karani wa mauzo."

Ni ndefu kuliko ile ya Juni, lakini utaona nyingi ya sentensi zake zinamwondolea mzigo. Ile ya kusema tofauti si kosa lake ndiyo ningeipigania isikatwe. Anayeogopa tofauti huzificha, na hiyo ndiyo namna 94 zilivyofichwa Juni bila mtu yeyote kukusudia kuficha.

Mstari wa nakala nao una kazi yake. Mzee wa stoo akiusoma kwa macho yake kwamba upakiaji unasimama saa 11 na kwamba mfumo hauguswi, D. hatahitaji kubishana naye. Lakini mzee asikutane na maneno hayo kwenye imeli kwanza. Mpitie stoo, msalimie, mwambie kwa mdomo kwamba safari hii kijana ndiye msimamizi na unamtegemea yeye mzee amwonyeshe vitu vilipo. Ukiruka hatua hiyo, nakala yako itasomwa kama dharau, na atakayelipa ni D.

Kuhusu saa, usijione mjinga. Ofisi zetu zinaandika barua nusu kwa saa za jua na nusu kwa saa za mashine, na wote wawili mlikuwa sahihi. Weka "asubuhi" au "jioni" kila mara, na ile ya kompyuta pembeni.

Ile sentensi ya "usipompata hata yeye" unaweza kuiona ya ziada. Juni ulikuwa msibani. Je, simu yako ilipatikana? Siulizi kwa kukulaumu, mfiwa hana wajibu wa kupokea simu za nondo. Nauliza kwa sababu huenda D. alikutafuta, akakosa, akabaki na mzee peke yake. Hilo hukuliandika, na nadhani hulijui kwa kuwa hamjawahi kulizungumza.

Ndipo ninapokuja kwenye lile ambalo imeli haiwezi kulitengeneza. Ulimsema mbele ya wenzake, na "sawa dada" ndiyo anayokulipa. Mtu anayejibu hivyo hataki kuuliza tena, na katika kazi hii asiyeuliza ni hatari kuliko asiyejua. Ukimtumia barua yenye mipaka kabla hamjakaa chini, kila mstari ataupokea kama adhabu ya Juni, hata ule wa kumkinga. Ungeweza kumwita, chai ikiwa mezani, umwonyeshe diliva noti ile kama utaipata, umwambie: "Tazama, hii ndiyo iliyotuangusha, na mimi sikukwambia usiguse mfumo." Baadaye mwache aeleze usiku ule ulivyokwenda. Labda atakwambia jambo litakalobadilisha mawazo yako juu yake, au yangu mimi ninayemtetea bila kumjua. Inawezekana pia ukagundua alikuwa na namba yako, simu ilikuwa wazi, na hakujisumbua kupiga. Hiyo nayo ni habari, na itakusaidia kuamua kama ghala zima ni lake kwa sasa au uanze kumpa chumba cha rangi peke yake, na nondo azisimamie mwingine.

Kuna watakaokwambia umwombe radhi mbele ya wale wale uliomsema mbele yao. Mimi naona inategemea ofisi yenu. Pengine inamrudishia heshima, pengine inawakumbusha watu jambo walilokwisha kulisahau. Wewe ndiye unayewajua.

Imeli usiitume siku yenyewe. Tarehe 30 ni Jumatano. Itume Ijumaa ya kabla yake, ili wikiendi aisome kwa utulivu, na Jumatatu mpitie ghala pamoja kabla watu hawajaanza kupakia. Mkifika kwenye nondo, muulize: ukihesabu hapa ukakuta zimepungua 94, utafanya nini usiku huo, na utampigia nani? Umwache ajibu bila kumsaidia. Akisema ataanza kwa kutafuta karatasi ya tani moja, nenda zako ukanywe chai. Akitaja mfumo, bado mna Jumanne nzima.